"Namba Ile Ile": Imeili Iliyonichelewesha Kulipwa Sh 880,000

Naishi Nkuhungu, Dodoma. Kazi yangu ni kutafsiri na kupanga kurasa za vitini na ripoti. Sina ofisi, nina kompyuta mpakato, meza, na dirisha ambalo mwezi wa saba sithubutu kulifungua kwa sababu ya vumbi. Kazi huja kwa kupigiwa simu na mtu aliyeambiwa na mtu, na huishia kwenye imeili moja, ile ya kudai hela. Kwa miaka mitatu imeili hiyo nilikuwa naiandika usiku, baada ya kukabidhi kazi, macho yamechoka, dakika tano tu kisha nalala. Mwaka 2025 ilinigharimu wiki tano za kungoja na ugomvi mmoja ambao ningeweza kuuepuka.

Mwezi Machi afisa mradi wa shirika moja hapa mjini alinipigia. Walikuwa na kitini cha Kiingereza cha kilimo cha alizeti na walitaka kije kwa Kiswahili kinachosomeka na mkulima wa Kongwa au Mpwapwa bila kuhitaji mkalimani. Kurasa 64, tukapatana Sh 20,000 kwa ukurasa, tafsiri na mpangilio humo humo. Jumla Sh 1,280,000. Nikaomba advansi ya Sh 400,000. Yule kaka akachukua masurufu ofisini, akanitumia kwa simu siku ile ile. Nilifurahi kuona mteja mwepesi namna hiyo, kumbe ule wepesi ndiyo mwanzo wa matatizo. Nitaeleza mbele.

Alhamisi ya tarehe 12 Juni nilikabidhi kazi. Saa nne usiku nikatuma imeili hii, na naiweka hapa kama ilivyokuwa, hata aibu yake:

> Mada: Ankara
>
> Habari kaka, natumaini mu wazima hapo ofisini. Kazi imekamilika kama tulivyoongea, nashukuru sana kwa ushirikiano wenu. Naambatanisha ankara. Naomba malipo yangu mapema iwezekanavyo kwani nina majukumu. Mnaweza kutuma kwenye namba yangu ile ile au benki, yoyote itakayokuwa rahisi kwenu. Asanteni na Mungu awabariki.

Mtu akiniuliza siku hiyo kama imeili ile ina kasoro, ningesema haina. Ina salamu, ina shukrani, ina kiambatisho. Kwenye kiambatisho nilikuwa nimeandika Sh 1,280,000 kwa herufi nene, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, "advansi imepokelewa".

Wiki ya kwanza ikapita kimya. Ya pili nikapiga simu. "Bado kidogo dada, iko kwa wahasibu." Tarehe 30 Juni ikapita, na mwenye nyumba wangu hupokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, siyo kwa awamu. Nilimpigia kumbembeleza nikiwa nimesimama uani ili jirani asinisikie. Kesho yake, tarehe 1 Julai, nikiwa bado na uchungu, nikatuma imeili ya pili: "Kumbukeni kwamba malipo yakichelewa yatatozwa riba."

Jibu lilikuja ndani ya saa moja. Kwa wiki mbili na ushei nilikuwa sijaona jibu la haraka hivyo. Afisa mradi aliuliza mstari mmoja tu: "Riba gani, na tulikubaliana lini?" Sikuwa na jibu. Hatukuwahi kukubaliana. Nililitoa neno lile hewani kwa sababu nililiona kwenye ankara za watu wengine. Kaka wa watu, aliyekuwa ananitetea huko ndani, sasa akanuna.

Jumatano ya tarehe 9 Julai nikaamua kwenda mwenyewe. Nikapanda bodaboda hadi ofisini kwao, nikaomba kuonana na mhasibu badala ya afisa mradi. Nikaonyeshwa chumba cha mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani, mezani ana faili zimepangwa kama matofali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu kiti. Wewe ndiye wa alizeti?"

Nikaitikia. Hakunikaripia, akageuza skrini yake tu upande wangu. Akaandika neno "Ankara" kwenye sehemu ya kutafutia, zikajipanga imeili kutoka kwa watu mbalimbali, nyingi zina mada hiyo hiyo moja. Yangu ilikuwa ya nne au ya tano kutoka chini. Akaifungua, akachukua kalamu ya kijani, akaanza kuigusa skrini kwa kitako cha kalamu.

"Kazi ipi hii?" Sikuitaja. "Shilingi ngapi?" Haikuwamo kwenye imeili. Akafungua kiambatisho. "Hapa umeandika milioni moja na laki mbili na themanini. Nikulipe hiyo?" Nikasema hapana mama, nilishapokea laki nne. "Laki nne umepokea kwa nani? Mimi kwenye vitabu vyangu sina jina lako." Hapo ndipo nilipoelewa: ile advansi ililipwa kwa masurufu ya afisa mradi, na kwenye hesabu zake ilisomeka kama gharama ya mradi, siyo kama malipo kwangu. Kwa mhasibu, mimi nilikuwa mtu mpya kabisa anayedai pesa kubwa kuliko anayostahili.

Akaendelea. "Lini?" Nimeandika mapema iwezekanavyo. Akacheka, kicheko kisicho na ubaya. "Mwanangu, kwangu mimi 'mapema iwezekanavyo' maana yake ni baada ya wote walioandika tarehe." Halafu akafika pale penyewe. "Na hii 'namba ile ile' ni ipi?"

Nikamtajia. Akasema afisa mradi alishampa, na alijaribu kutuma wiki mbili zilizopita, lakini jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha lilikuwa la mwanaume. Akasitisha. Ni kweli: laini ile ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mdogo wangu, zamani, nilipokuwa bado sina namba ya NIDA. Kwa afisa mradi anayenijua sauti halikuwa tatizo. Kwa mhasibu ambaye mkaguzi atakuja kumuuliza kwa nini ankara ina jina la mwanamke na hela imekwenda kwa mwanaume, ni tatizo kubwa. Na mimi nilikuwa nimekaa Nkuhungu nikidhani ni dharau.

Kabla sijaondoka alinionyesha kitu kingine. Imeili ya mdai akiikubali huichapisha, anaibana kwa pini pamoja na ankara na mkataba nyuma ya vocha ya malipo, halafu faili linapanda kwa mkurugenzi na msaini wa pili. Hao wawili husaini Alhamisi. Faili lisipokuwa tayari Jumanne jioni, linangoja Alhamisi ya wiki inayofuata. "Kwa hiyo ile karatasi," akasema, "inasomwa na watu wawili ambao hawajawahi kukusikia. Wakiuliza swali moja nisilo na jibu, inarudi."

Tangu siku hiyo namwandikia mama huyo, hata kama imeili inakwenda kwa kaka aliyenipa kazi. Aliyenipa kazi anajua kila kitu na ndiyo maana ni rahisi kumwandikia vibaya. "Kazi ile", "kama tulivyoongea", "namba ile ile": kila "ile" kwenye imeili ya malipo inamtegemea mtu aliyekuwapo kwenye mazungumzo, na mlipaji hakuwapo. Sasa kabla ya kutuma huwa natafuta hizo "ile" zote na kuweka kitu chenyewe mahali pake. Ni ukaguzi wa dakika moja.

Jioni hiyo hiyo niliandika upya. Mada ikawa: "Ankara Na. 07/2025, kitini cha alizeti: Sh 880,000, mwisho wa kulipa Alhamisi 17 Julai 2025". Ndani nikaandika jumla, advansi na tarehe yake, kilichobaki, na akaunti ya benki moja tu, jina likiwa kama lilivyo kwenye kadi ya benki, majina yote matatu. Nikaondoa namba ya simu kabisa. Kumpa mtu njia mbili za kulipa nilidhani ni ukarimu. Kumbe ni kumpa mtu mwenye shughuli uamuzi wa ziada wa kufanya, na uamuzi wa ziada huahirishwa.

Alhamisi tarehe 17 ujumbe wa benki ukaingia. Nikausoma mara mbili. Sh 816,000.

Nilikasirika, sitaki kudanganya. Sh 64,000 imekwenda wapi? Nilishika simu nipige, kisha nikakumbuka ile imeili ya riba, nikaiweka chini. Nikangoja asubuhi.

"Kodi ya zuio mwanangu," mama akasema. "Asilimia tano."

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndugu zangu wengi wa kazi hizi hulia kwamba wamekatwa bila kuelezwa. Mteja kama shirika au kampuni akimlipa mkazi wa Tanzania kwa huduma ya kitaalamu, anatakiwa kuzuia asilimia 5 ya malipo na kuipeleka TRA kwa jina la aliyelipwa. Siyo hela yake na wala haikupotea: anatakiwa kukupa hati ya kodi ya zuio, na kiasi hicho kinahesabiwa kwenye kodi yako ya mapato ya mwaka. Ndiyo maana TIN yako lazima iwe kwenye ankara. Bila TIN, hiyo kodi ataiandika kwa jina la nani?

Lakini asilimia 5 ya Sh 880,000 ni Sh 44,000, na mimi nilikatwa Sh 64,000. Hiyo ni asilimia 5 ya Sh 1,280,000 nzima. Advansi ililipwa kwa masurufu bila kuzuiwa kitu, hivyo mama alipoiona kazi yote kwa mara ya kwanza, akazuia ya kazi yote kwenye kilichobaki. Alikuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho. Aliyekosea ni mimi, niliyeona kiasi kimoja tu kichwani wakati kwenye kazi hii vilikuwapo vinne: bei ya kazi yote, kilichobaki, kodi itakayozuiwa, na kitakachoingia benki. Sasa naandika vyote vinne vinapohusika, kila kimoja kwenye mstari wake, na kile cha kulipa ndicho kinachokwenda kwenye mada. Siku hizi pia nasisitiza advansi ipitie kwa mhasibu, hata kama itachelewa siku nne. Na kabla ya kuanza kazi namuuliza mhasibu kama atahitaji risiti ya EFD, maana swali hilo likija mwishoni linaweza kukuzuia kulipwa wiki nyingine nzima.

Nikajiona sasa nimehitimu. Mwezi huo huo nikapata kazi ndogo ya mfanyabiashara wa pembejeo: mabango na vipeperushi vya banda lake la Nane Nane pale viwanja vya Nzuguni. Sh 300,000. Nikamkabidhi tarehe 28 Julai na imeili safi, tarehe ya mwisho imeandikwa kwa siku, mwezi na mwaka: Ijumaa, 8 Agosti 2025.

Msomaji wa Dodoma ameshacheka. Mimi niliyechora mabango ya Nane Nane kwa mikono yangu nilimwekea mtu tarehe ya kulipa siku ya Nane Nane yenyewe. Nilipompigia mchana, nyuma yake spika zinapiga, ng'ombe analia. "Dada, leo ndiyo kilele! Mimi niko bandani tangu alfajiri!" Baada ya hapo ikaja Jumamosi, Jumapili, kubomoa banda, kurudisha mzigo dukani. Alilipa Alhamisi ya tarehe 14.

Kwa hiyo tarehe ya mwisho siichagui tena kwa kuangalia shida zangu. Namuuliza mteja siku gani huwa analipa, naangalia kalenda kama hakuna sikukuu, kisha naandika siku hiyo kwa jina na tarehe. "Ndani ya siku 30" nimeiacha kabisa, kwa sababu sisi tunahesabu tangu tulipotuma na wao wanahesabu tangu bosi alipopitisha, na wote wawili tuna haki. "Mwisho wa mwezi" nayo nimeiacha. Hata "kabla ya tarehe 25" ina utata wake: ukilipa tarehe 25 yenyewe umechelewa au hujachelewa? "Mwisho wa kulipa ni Alhamisi, 25 Septemba 2025" haina swali. Mwezi nauandika kwa jina, kwa kuwa nimewahi kufanya kazi na mgeni aliyesoma 05/09 kama tarehe 9 Mei.

Kazi ya mabango ilinifundisha na mambo mawili mengine. La kwanza ni la simu. Mfanyabiashara yule alilipa kwa simu, Sh 300,000 kamili, na nilipokwenda kwa wakala makato ya kutoa yakawa juu yangu. Sikuweza kulalamika, sikuandika "pamoja na ya kutolea". Mtu akikutumia hela ya dharura unaweza kumwambia "weka na ya kutolea" na mkaelewana, lakini kwenye ankara usipoiandika haipo. Anayelipa kwa simu sasa namwandikia wazi: namba, jina litakalotokea kwenye skrini yake, na kwamba kiasi hicho ni pamoja na ya kutolea, nikitaja kiasi chenyewe kwa shilingi. Laini nayo nilishaisajili upya kwa jina langu. Ilinichukua nusu saa, kitu nilichokiahirisha miaka.

La pili ni kuchelewa. Kutokana na aibu ya riba, safari hii nilizungumza naye kabla sijagusa kazi, tukaandikiana kwenye ujumbe wa simu: ikipita tarehe ya mwisho, anaongeza Sh 6,000 kwa kila wiki kamili, na nyongeza haitazidi Sh 24,000. Kwenye ankara nikarudia maneno yale yale. Alichelewa siku sita. Siku sita siyo wiki kamili, kwa hiyo hakudaiwa kitu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia hivyo huku akicheka. Ningekuwa nimeandika "kwa wiki" tu, bila "kamili", tungekuwa na mjadala. Naipenda shilingi kuliko asilimia kwa jambo hili. Ukimwambia mwenye duka asilimia mbili kwa mwezi, atakuuliza asilimia mbili ya nini, na mwezi unaanza lini. Ukimwambia elfu sita, anaiona.

Mipaka yake mtu aijue pia. Adhabu isiyokubaliwa kabla ya kazi haina nguvu kwa kuandikwa tu kwenye ankara. Hata iliyokubaliwa, Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inaitazama kama fidia ya kadiri inayofaa ambayo haivuki kiasi mlichokitaja, kwa hiyo kuandika adhabu kubwa ya kutisha hakukusaidii. Na mashirika yanayotumia fedha za wafadhili mara nyingi hayawezi kulipa nyongeza ya kuchelewa hata yakitaka, kwa sababu bajeti ya mradi haiikubali gharama hiyo. Mama mhasibu aliniambia hivyo bila kuzunguka: "Ukinidai elfu sita ya kuchelewa, mimi sina mahali pa kuiandika."

Basi kwa mashirika nimebadilisha sharti. Sidai nyongeza. Nakabidhi kitini kizima cha kusoma na kusahihisha, chenye neno RASIMU lililolala kwenye kila ukurasa, na faili la kupeleka kiwandani kuchapishwa linatoka malipo yakishaingia. Sharti hili nalo linawekwa kwenye makubaliano kabla ya kuanza. Linamgusa afisa mradi, siyo mhasibu, na afisa mradi ndiye mwenye tarehe ya mafunzo inayomkimbiza, kwa hiyo yeye mwenyewe ndiye anayefuatilia faili langu lisikwame.

Septemba shirika lile lile likanirudia, kitini cha ufugaji wa nyuki, kurasa 48. Nilidhani baada ya ile imeili ya riba wamenifuta. Kabla ya kuanza nilimwandikia kaka msamaha mfupi, na pamoja nao masharti yangu kwenye nusu ukurasa. Advansi ya Sh 360,000 safari hii ilipita kwa mama, ikazuiwa Sh 18,000, nikapokea Sh 342,000. Jumanne ya tarehe 9 Septemba nikatuma hii, kwa kaka, na nakala kwa mama:

> Mada: Ankara Na. 11/2025, kitini cha nyuki: Sh 600,000, mwisho wa kulipa Alhamisi 25 Septemba 2025
>
> Habari za leo.
>
> Naomba malipo ya mwisho ya tafsiri na mpangilio wa kitini cha ufugaji wa nyuki, kurasa 48.
>
> Bei ya kazi yote: Sh 960,000
> Advansi (kabla ya kodi ya zuio): Sh 360,000
> Kiasi cha kulipa sasa: Sh 600,000
> Kodi ya zuio 5% ya kiasi hicho: Sh 30,000
> Kitakachoingia benki: Sh 570,000
>
> Mwisho wa kulipa: Alhamisi, 25 Septemba 2025.
>
> Njia ya kulipa: benki pekee. Jina la akaunti, jina la benki, tawi na namba ya akaunti viko hapa chini na kwenye ankara. Tafadhali andikeni "Ankara 11/2025" kwenye maelezo ya malipo.
>
> Malipo yakichelewa: kama tulivyokubaliana kwa maandishi kabla ya kazi, faili la kuchapishia litakabidhiwa siku malipo yatakapoingia. Hakuna nyongeza ya pesa.
>
> Nimeambatanisha ankara yenye TIN yangu na nakala ya makubaliano. Naomba pia hati ya kodi ya zuio ya malipo yote mawili.
>
> Asanteni.

Niliisoma kwa sauti kabla ya kutuma, kisha nikafungua ankara pembeni nikalinganisha tarakimu moja moja. Hatua hiyo usiiruke. Imeili ikisema 600,000 na kiambatisho kikasema 960,000 kwa herufi nene, umerudi kule kule kwenye alizeti. Mimi kwenye ankara nimekipa kiasi cha kulipa sasa peke yake herufi nene, vingine vyote vya kawaida.

Salamu zimebaki fupi, na kuna rafiki yangu aliyeniambia imeili hii ni kavu, haina utu. Nilikuwa na wasiwasi huo huo. Sisi tumezoea kuulizana habari za nyumbani kabla ya kugusa hela, na kuanza na shilingi kunaonekana kama kumshika mtu shati. Dawa yangu ni kutenganisha. Salamu ndefu, shukrani na habari za watoto nazipeleka kwa simu au kwenye ujumbe mwingine. Karatasi itakayobanwa kwa pini nyuma ya vocha iwe na yale ambayo msaini anayatafuta, basi.

Mama alijibu siku ile ile kabla ya saa sita: "Imepokelewa. Umesahau namba ya mkataba, weka nibane." Nilikuwa nimeambatanisha makubaliano lakini sikuandika namba yake popote. Nikaiongeza kwenye mada na kwenye ankara, nikatuma tena nikisema wazi kwamba hii inachukua nafasi ya ile ya asubuhi, ili asije akawa na ankara mbili za kazi moja.

Alhamisi tarehe 25 alasiri, Sh 570,000 zikaingia. Saa kumi na mbili jioni nikamtumia kaka faili la kuchapishia, na chini yake nikamuuliza, kwa urefu wote, habari za nyumbani.